Posho ya mazingira magumu inalipwa, kwa nini walimu bado wanaondoka?

Bajeti ya elimu ikisomwa, mjadala huwa ule ule. Upande mmoja unasema walimu wa shule za mbali walipwe zaidi, upande mwingine unajibu kwamba tayari wanalipwa posho na bado wanakimbia. Anayesikiliza hubaki njia panda: je, fedha husaidia au hazisaidii? Jibu linategemea posho imepangwaje, na hapo ndipo mijadala mingi haifiki. Makala haya yanawalenga maofisa elimu wanaoandaa ikama na bajeti, na yamejikita kwenye posho hiyo moja: nani alipwe, kiasi gani, kwa njia ipi, na gharama yake halisi ni nini.

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Tukisema mwalimu "ameondoka", tunaweza kuwa na maana nne. Huenda amehama kwenda shule nyingine, huenda ameacha kazi kabisa, huenda jina lake bado lipo kituoni lakini ameazimwa ofisi ya mjini, au yupo kituoni lakini haonekani darasani wiki mbili katika kila mwezi. Kila moja ina dawa yake. Posho ya mazingira magumu inatibu hasa ile ya kwanza, yaani uhamisho. Haitibu utoro, na haimzuii anayeacha ualimu kwa sababu amepata kazi nyingine yenye kipato mara mbili. Ofisa anayeweka zote kwenye takwimu moja ya "walimu waliopungua" hawezi kujua posho yake imefanya kazi au la.

Posho yenyewe ni nyongeza juu ya mshahara wa msingi, inayolipwa kwa sababu ya mahali mtu anapofanyia kazi. Si zawadi ya uchapakazi wala si sehemu ya cheo. Ni fidia ya usumbufu: saa alizotumia njiani, nauli ya kufuata huduma, kuishi mbali na familia.

Sasa fikiria wapagazi wanne mbele ya mizigo minne. Mmoja una kilo kumi, wa mwisho una kilo hamsini, na mwenye mizigo ametangaza ujira mmoja kwa yeyote atakayebeba chochote. Mizigo myepesi itachukuliwa dakika ile ile. Wa kilo hamsini utabaki chini, na mwenye mali atalalamika kwamba ametoa fedha na wapagazi ni wavivu. Hivyo ndivyo posho nyingi za mazingira magumu zilivyo. Zinalipwa kiwango kimoja kwa shule zote zilizo nje ya mji, ikiwemo ile iliyo kando ya lami, dakika ishirini kutoka sokoni. Mwalimu anayepangwa shule ya mwisho wa njia anapata nyongeza ile ile. Kwake, hesabu ya wazi ni kuhamia kando ya lami, aendelee kulipwa posho bila usumbufu. Posho iliyokusudiwa kumbakiza ndiyo inayomlipa kwa kusogea.

Malawi ilikutana na hali hii. Posho ya vijijini ilianza kwa nia ya kuwavuta walimu kwenye shule za mbali, lakini kwa kuwa hapakuwa na tafsiri moja ya "mbali", ilienea mpaka ikawafikia walimu wengi wa nchi kwa kiwango kimoja. Watafiti walipochambua takwimu za shule, waliona kwamba walimu hujazana kwenye shule zilizo karibu na vituo vya biashara, palipo na umeme, barabara na huduma, na hupungua kadiri unavyosogea mbali na vituo hivyo. Tatizo halikuwa kati ya mji na kijiji. Lilikuwa kati ya kijiji na kijiji ndani ya wilaya moja, na posho ya kiwango kimoja haikuweza kuligusa.

Gambia ilipita njia nyingine. Mwaka 2006 ilianzisha posho iliyofungwa kwenye umbali: shule iliyo zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu ndiyo inayostahili, na kiwango kilikuwa asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi kadiri shule ilivyo mbali. Mpaka huo wa kilomita 3 uliwapa watafiti nafasi nzuri ya kulinganisha, kwa sababu shule ya kilomita 2.8 na ya kilomita 3.2 hazitofautiani sana isipokuwa kwamba moja inalipiwa posho na nyingine hailipiwi. Walichokuta ni kwamba sehemu ya walimu wenye sifa katika shule zilizostahili iliongezeka kwa takriban asilimia 10 ya walimu wote wa shule, yaani nafasi moja katika kila kumi. Fedha zilifanya kazi. Lakini zingatia mambo matatu yaliyokuwepo kwa pamoja: kiwango kilikuwa kikubwa, kilipanda na umbali, na mpaka wake ungeweza kupimwa na mtu yeyote.

Watafiti hao hao walipoangalia matokeo ya wanafunzi, hawakuona mabadiliko kwa wastani. Hilo limetumiwa sana kama ushahidi kwamba posho ni fedha iliyopotea. Linahitaji kusomwa taratibu, na Peru inatusaidia kulisoma.

Peru huzigawa shule za vijijini kwa vipimo viwili: idadi ya watu wa eneo na muda wa kusafiri hadi makao makuu ya mkoa. Shule iliyo kwenye eneo lenye watu chini ya 500, na safari ya zaidi ya saa mbili, huingia daraja la juu kabisa na kuwa na nyongeza kubwa kuliko madaraja mengine. Walimu hufanya mtihani wa kitaifa, kisha huchagua shule kwa kufuata alama zao, mwenye alama za juu akianza kuchagua. Matokeo yalionyesha kwamba shule zilizopita mpaka wa nyongeza kubwa zilichaguliwa na walimu wenye alama za juu zaidi, na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Cha kuvutia ni kwamba faida hiyo ilionekana katika shule zilizokuwa na nafasi wazi ya kujazwa. Pale ambapo walimu walikuwa wale wale, nyongeza haikubadilisha ufundishaji wao.

Kwa hiyo posho hubadilisha nani anakuja na nani anabaki. Haimfanyi mwalimu yule yule afundishe vizuri zaidi. Anayeahidi bungeni kwamba ufaulu utapanda kwa sababu posho imepanda anajitega mwenyewe, na akishindwa mwaka wa tatu, posho nzuri inaweza kufutwa kwa kosa ambalo si lake.

Kuna jambo jingine ambalo ushahidi unalisema wazi. Nchini Marekani, wizara ya elimu ya shirikisho ilifadhili mpango wa kuwalipa walimu waliokuwa na rekodi nzuri dola 20,000, kwa awamu ndani ya miaka miwili, wahamie shule zenye matokeo duni na kubaki huko. Hizo hazikuwa shule za pembezoni kwa maana yetu, lakini zilikuwa zinakimbiwa vile vile. Katika kipindi cha malipo, asilimia 93 ya waliohamia walibaki, dhidi ya asilimia 70 ya walimu wa kulinganishwa nao. Baada ya malipo kwisha, tofauti ilipungua hadi asilimia 60 dhidi ya 51, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautishiki na bahati. Posho inafanana na dawa ya shinikizo la damu: inafanya kazi siku unazoimeza. Ofisa anayeomba fedha za mradi wa miaka miwili "kumaliza tatizo la walimu wa pembezoni" anaomba kitu kisichokuwepo. Kama fedha haziwezi kuingia kwenye bajeti ya kawaida ya mishahara, ni afadhali zijengwe nyumba.

Namna ya kupima umbali

Kosa la kwanza ni kupima kilomita. Chukua shule ya mfano iliyo kilomita 11 kutoka lami. Kwenye ramani iko daraja la chini. Lakini kati yake na lami kuna mto usio na daraja, na kwa miezi mitatu ya masika njia inayopitika huzunguka kilomita 34. Mwalimu anayehitaji hospitali Aprili hayupo kilomita 11 kutoka popote. Kipimo bora ni muda: saa ngapi, kwa chombo ambacho watu wa hapo hutumia kweli, katika msimu mbaya, kufika mahali penye vitu vitatu kwa pamoja, yaani kituo cha afya chenye tabibu, mahali pa kutoa fedha, na usafiri wa kila siku wa kwenda mbele. Mahali hapo tupaite kituo cha huduma.

Madaraja matatu yanatosha. Chini ya saa moja, hakuna posho. Saa moja hadi mbili ni daraja la kwanza, saa mbili hadi nne la pili, zaidi ya saa nne la tatu. Ukiweka madaraja saba utapata mabishano saba.

Muda huo usipimwe na mwalimu mkuu wa shule husika, wala na ofisa wa kata anayeishi jirani. Si kwamba ni waongo. Ni kwamba dakika kumi zinaweza kuwa na thamani ya asilimia 15 ya mshahara, na hakuna binadamu anayeona saa moja na dakika hamsini na tano mbele ya mpaka wa saa mbili. Timu ya watu wawili kutoka wilaya nyingine, wakiwa na simu yenye ramani ya setilaiti inayorekodi njia na muda, inaweza kupima shule mbili kwa siku. Shule 40 ni siku 20 za kazi. Baada ya hapo orodha ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya elimu, ikiwa na muda wa kila shule, iwe wazi kwa pingamizi kwa siku 30, kisha ifungwe kwa miaka mitatu. Orodha inayofunguliwa kila mwaka ndiyo inayoishia kuwa na shule zote.

Hapa pana mtego unaofichika. Wengi huongeza alama kwa ukosefu wa umeme, maji, mtandao wa simu na nyumba ya mwalimu. Inaonekana ni haki. Lakini siku kijiji kinapochanga na kujenga nyumba, shule inapoteza alama, inashuka daraja, na mwalimu anakatwa posho. Kwa lugha nyingine, umewatoza wanakijiji faini kwa kujenga. Vitu ambavyo jamii au wizara inaweza kuvirekebisha visiingie kwenye hesabu ya posho. Vishughulikiwe kwa fungu lake. Posho ibaki kwenye umbali, ambao hakuna anayeweza kuubadilisha isipokuwa anayejenga barabara.

Hesabu ya wilaya moja

Ili hesabu isomeke popote, kipimo hapa ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja wa mwalimu wa kawaida. Ukiweka kiwango cha nchi yako, majibu yanabaki yale yale. Wilaya hii ni ya kubuni.

Ina walimu 1,000, kwa hiyo mishahara yake kwa mwaka ni 12,000. Walimu 700 wanatambuliwa kuwa wa vijijini na kila mmoja anapata posho ya asilimia 10. Gharama ni mishahara 70 kwa mwezi. Baada ya kupima kwa muda, inaonekana nafasi zilizo mbali kweli ni 200: daraja la kwanza 100, la pili 60 na la tatu 40. Tukilipa asilimia 15, 30 na 45 kwa mfuatano huo, daraja la kwanza linagharimu mishahara 15 kwa mwezi, la pili 18, la tatu 18. Jumla 51. Posho kubwa, iliyolengwa, inagharimu pungufu ya ile ndogo iliyotawanywa, kwa mishahara 19 kila mwezi.

Wengi huishia hapo kwenye andiko lao na kuliwasilisha kwa furaha. Kisha wanakutana na walimu 500 ambao watapoteza asilimia 10 ya kipato chao kwa mkupuo mmoja, chama chao, na pengine mahakama. Wana hoja: wamekopa benki kwa kutegemea kipato hicho. Mpango usio na jibu kwa hao 500 hautapita, na ukipita utarudishwa baada ya uchaguzi.

Jibu linalowezekana ni kuwapunguzia kwa hatua ya asilimia 2.5 kila mwaka, na kila punguzo lifanyike mwezi ule ule ambao nyongeza ya mwaka ya mshahara inaingia, ili kiasi kinachofika mkononi kisishuke. Mwaka wa kwanza wanaendelea na asilimia 10 kamili, na wilaya inalipa 51 mpya pamoja na 50 za zamani, jumla 101 kwa mwezi. Mwaka wa pili ni 88.5, wa tatu 76, wa nne 63.5, na wa tano 51. Ukilinganisha na 70 za awali, miaka mitatu ya mwanzo inahitaji nyongeza ya mishahara 372, kisha 222, kisha 72. Jumla ni 666, ambayo ni kama asilimia 5.5 ya bajeti ya mwaka mmoja ya mishahara, ikigawanywa kwa miaka mitatu. Kuanzia mwaka wa nne inaanza kurudi, na kufikia mwaka wa saba imerudi yote. Hiyo 666 ndiyo bei halisi ya mageuzi, na ndiyo tarakimu ya kupeleka hazina. Nchi ambayo nyongeza ya mwaka haitolewi kwa uhakika isitumie njia hii, kwa sababu punguzo litaonekana wazi kwenye hati ya mshahara.

Je, asilimia 45 inatosha kwa daraja la tatu? Hakuna anayeweza kujua akiwa mezani. Tangaza nafasi zikiwa na jina la shule na posho yake, uone nani anaomba. Nafasi ikitangazwa mara mbili bila mwombaji mwenye sifa, kiwango ni kidogo, ongeza kwa hatua ya asilimia 10. Wakijitokeza waombaji watatu au zaidi kwa kila nafasi, umefika. Kwa njia hii posho inapangwa na walimu wenyewe kwa miguu yao, na hiyo ni taarifa bora kuliko dodoso lolote la "ungependa kulipwa kiasi gani".

Nafasi wazi huonekana kama akiba

Kuna sababu moja inayofanya hazina isione haraka ya kuwabakiza walimu, na maofisa elimu wachache huisema. Tuseme mwalimu akiondoka, nafasi hukaa wazi miezi mitano kabla ya mwingine kuripoti. Stahiki za uhamisho za anayetoka na anayeingia ni mishahara minne kwa pamoja. Lakini miezi hiyo mitano haikulipwa mshahara. Kwenye vitabu, kuondoka kwake kumeokoa mshahara mmoja.

Gharama imelipwa na darasa. Wanafunzi 50 wamekaa miezi mitano bila mwalimu wa somo au darasa lao, au wameunganishwa na 50 wengine. Hakuna safu ya kitabu cha mahesabu inayoandika hilo, kwa hiyo liandike mwenyewe: katika kila taarifa ya robo mwaka weka miezi-mwalimu iliyopotea, kwa shule na kwa daraja. Katika nafasi zetu 200, kama robo ya walimu huondoka kila mwaka, hao ni 50, na miezi 250 ya kufundisha imepotea. Wakishuka hadi asilimia 15, wanaoondoka ni 30 na miezi iliyopotea ni 150. Tofauti ya miezi 100 ni sawa na kuwa na walimu wanane zaidi mwaka mzima, bila kuajiri hata mmoja. Ukitazama mbele, kwa kasi ya robo kwa mwaka, kati ya walimu 100 wa leo watakuwa wamebaki 42 baada ya miaka mitatu. Kwa kasi ya asilimia 15 watabaki 61.

Mahali posho inapoharibika

Posho iliyopangwa vizuri kwenye karatasi huharibika kwenye mfumo wa mishahara. Kosa kubwa ni kuifunga kwenye jina la mtu badala ya kituo. Mwalimu anahamishwa mjini Machi, hakuna anayekumbuka kumwondolea posho, na mrithi wake anaambiwa fungu limeisha. Posho iwe na msimbo wa shule ndani ya mfumo: ukibadilisha kituo cha mtu, posho inakatika yenyewe na inafunguka kwa anayeingia. Njia ya haraka ya kujua kama wilaya yako ina ugonjwa huu ni kuchukua orodha ya wanaolipwa posho mwezi uliopita na daftari la mahudhurio la shule hizo, ukavilinganisha jina kwa jina. Walioazimwa ofisini watatokea ndani ya nusu saa.

Kosa la pili ni kuchelewesha. Mwalimu mpya anayeripoti Januari na kuona posho yake ya kwanza Septemba, kama malimbikizo, amekwisha kuamua kuondoka tangu Mei. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu kuliko yote, kwa sababu ndipo anaponunua kitanda, sufuria na taa. Afadhali posho ya miezi mitatu ilipwe mapema siku anaporipoti, kisha iendelee kila mwezi. Kwa daraja la tatu, sehemu ndogo, tuseme robo ya posho, inaweza kuwekwa na kulipwa kwa pamoja mwisho wa mwaka wa masomo kwa aliyemaliza mwaka kituoni. Hilo husaidia kuzuia kuhama katikati ya muhula, ambako ndiko kunakoumiza zaidi.

Kosa la tatu ni kimya. Jimbo la North Carolina, Marekani, lililipa dola 1,800 kwa mwaka kuanzia 2001 kwa walimu wa hisabati, sayansi na elimu maalumu katika sekondari zenye wanafunzi maskini au matokeo duni. Kuondoka kulipungua kwa takriban asilimia 17 ya kiwango cha awali, ingawa walimu wengi na hata wakuu wa shule hawakuelewa nani anastahili. Mpango ulifungwa baada ya miaka mitatu. Kama walengwa wenyewe hawaujui mpango, umelipia nusu ya matokeo.

Njia nyingine, kwa kulinganisha bei

Nyumba ndiyo hoja inayosikika zaidi baada ya posho. Tuseme nyumba ya familia mbili inagharimu mishahara 60, inadumu miaka 25, na matengenezo ni asilimia 2 ya bei kila mwaka. Ukigawanya, ni mishahara 2.4 kwa mwaka ya ujenzi na 1.2 ya matengenezo, jumla 3.6 kwa walimu wawili. Kila mwalimu anagharimu 1.8 kwa mwaka, sawa na posho ya asilimia 15. Si ghali kama inavyodhaniwa, ila fedha zote zinatakiwa mwanzoni. Nyumba hizi huharibika kwa njia tatu zinazojirudia: zinajengwa bila chanzo cha maji, zinakaliwa na watumishi wasio walimu, na ile asilimia 2 ya matengenezo haitengwi, hivyo mwaka wa nane paa linavuja na mwalimu anarudi kupanga chumba. Zipewe kwanza shule ambazo hakuna kabisa chumba cha kupanga kijijini, na walimu wa kike wapangwe wawili wawili.

Kuajiri wenyeji kuna nguvu kuliko wengi wanavyofikiri. Katika jimbo la New York, uchunguzi wa walimu wapya wa 1999 hadi 2002 ulikuta kwamba asilimia 61 walianza kazi ndani ya maili 15, karibu kilomita 24, kutoka sekondari walikosomea. Watu hupenda kufundisha karibu na walikokulia. Tatizo ni kwamba maeneo ya mbali hutoa wahitimu wachache wa sekondari, kwa hiyo njia hii huanza kuzaa baada ya miaka mitano au sita: kuwatafuta wanafunzi wa eneo hilo, kuwafidia pengo la masomo, kuwasomesha chuo na kuwahakikishia nafasi nyumbani. Haichukui nafasi ya posho leo, lakini inapunguza idadi ya watakaoihitaji baadaye.

Halafu ipo njia isiyogharimu karibu chochote, na ndiyo inayopuuzwa: ahadi ya kutoka. New South Wales, Australia, huzipa shule pointi kulingana na ugumu wa mahali, na mwalimu anayekaa huko hukusanya pointi zinazompa kipaumbele cha kuhamia anakotaka. Korea Kusini huhesabu utumishi wa visiwani na maeneo ya mbali kwenye kupanda cheo. Inaonekana kinyume, kwamba ukimwahidi mtu mlango wa kutokea ndipo anapokaa. Lakini mwalimu mwenye hofu ya kusahaulika huko miaka kumi na tano huanza kutafuta uhamisho wiki ya kwanza, kwa mjomba, kwa mbunge, kwa daktari. Anayejua kwamba baada ya miaka minne nafasi ipo, hutulia na kufundisha. Sharti lake ni gumu: sehemu ya nafasi za mjini, tuseme nusu ya zinazofunguka kila mwaka, lazima ziwekewe watu wa foleni hiyo tu. Mtu mmoja akiruka foleni kwa barua ya mkubwa, habari hufika shule zote ndani ya wiki, na pointi hazina thamani tena.

Kuhusu kulazimisha, ambako hutajwa kama njia ya bure: wapo wasioripoti kabisa, wapo wanaoripoti, wakasaini na kurudi mjini, na nafasi zao kwenye ikama zinaonekana zimejazwa. Ndiyo maana wilaya inaweza kuwa na takwimu nzuri za upangaji na madarasa matupu kwa wakati mmoja. Kipimo cha kuangalia ni wangapi wapo kituoni mwezi wa kumi na tatu tangu waripoti, wakihesabiwa kwa macho, siku isiyotangazwa, siyo waliopangwa.